Barua kwa mwalimu mkuu katika karatasi ya Kiingereza ya KCSE: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne, na kila muhula nasahihisha barua zenye makosa yaleyale. Wanaoziandika si wavivu. Wengi wao ni mabingwa wa barua rasmi ya Kiswahili, na hapo ndipo shida inapoanzia: wakifika kwenye Kiingereza wanaihamisha ile ya Kiswahili mzima mzima, salamu na taadhima zake zote. Majibu haya yanahusu karatasi ya kwanza ya KCSE nchini Kenya. Aliye Tanzania au Uganda atakuta mengi yanamfaa, na penye tofauti nitasema.

Barua hii hutokea wapi, na ina alama ngapi?

Hutokea katika swali la kwanza la karatasi 101/1. Karatasi nzima ni ya saa mbili na ina alama 60. Swali la kwanza ni la uandishi amilifu, alama 20. La pili ni la kujaza mapengo, alama 10. La tatu ni la stadi za kusikiliza na kuzungumza, alama 30.

Barua rasmi ni moja tu kati ya tungo ambazo Baraza la Mitihani linaweza kuuliza hapo. Kuna pia memo, kumbukumbu za mkutano, ripoti, hotuba, wasifu kazi, hata maelezo ya upishi. Pengine swali hugawanywa mara mbili, barua ikafuatwa na kijikaratasi kifupi cha shukrani au tangazo. Soma hadi mwisho kabla ya kushika kalamu, kwa sababu kila mwaka yupo anayeandika barua safi kisha akageuza ukurasa na kukuta kipengele cha pili kinamngoja.

Alama hugawanywa kwa muundo, maudhui na lugha. Mgawanyo wenyewe hutegemea swali la mwaka huo, lakini alama za muundo hazina mjadala. Anwani ipo au haipo. Tarehe ipo au haipo. Hata mwanafunzi ambaye Kiingereza chake kinachechemea anaweza kuzichukua zote.

Nitumie dakika ngapi?

Ukigawa dakika 120 kwa alama 60, kila alama inapata dakika mbili, kwa hiyo barua ya alama 20 inastahili dakika 40. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wakomee 35. Zile tano zilizobaki zitahitajika kwenye swali la tatu, ambalo lina mazungumzo marefu ya kusoma.

Katika dakika hizo 35, tano za kwanza ni za kusoma swali na kuandika maneno machache ya mpango. Ishirini na tano ni za kuandika. Tano za mwisho ni za kusoma ulichoandika kwa kunong'ona moyoni, mstari kwa mstari.

Usiandike barua nzima ya kujaribia halafu uinakili. Nimeona mtahiniwa akifanya hivyo katika mtihani wa majaribio: nakala ya kwanza ilikuwa kamili, nakala ya pili ikakatikia kwenye aya ya tatu kengele ilipolia, na ile kamili alikuwa ameipiga mistari. Mpango wa maneno sita unatosha.

Tupe swali la mfano. Nitalisomaje?

Tuchukue hili, ambalo mtihanini lingekuja kwa Kiingereza. Wewe ni katibu wa Klabu ya Mazingira ya shule yenu. Wanachama wangependa kuzuru Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru Jumamosi moja. Unatakiwa umwandikie mwalimu mkuu kuomba ruhusa yake, ueleze sababu ya ziara, mipango ya usafiri na usalama, na msaada mnaoutaka kutoka kwa shule.

Pigia mstari mambo manne. Kwanza, wewe ni nani: katibu, wala si mwanachama wa kawaida, na huandiki kwa niaba yako pekee. Pili, unamwandikia nani. Tatu, unataka nini. Nne, ni mambo gani ambayo swali limetaja kwa jina, kwa maana kila lililotajwa lina alama yake. Hapa ni sababu, usafiri, usalama na msaada. Ukisahau la usalama, hakuna uzuri wa lugha utakaolifidia.

Kuna jambo la tano ambalo msemaji wa Kiswahili hulipita bila kuliona. Kiswahili kinasema "ruhusa yake" na mambo yameisha. Hatujui kama mwalimu mkuu ni mwanamume au mwanamke, wala lugha haitudai tujue. Kiingereza kinadai. Swali likisema "seeking her permission", hilo neno "her" moja limekwishakuambia kwamba mtajo wako ni "Dear Madam" na si kingine. Likiwa "his", ni "Dear Sir". Ukikosa kuliona, utaandika "Dear Sir" kwa mwanamke, na mtahini atajua papo hapo kuwa swali hukulisoma vizuri.

Mimi na mwalimu mkuu tuko shule moja. Kweli niandike anwani mbili zilezile?

Ndiyo. Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na najua linaonekana la kipuuzi: ofisi yake iko hatua hamsini kutoka darasani, na sanduku la posta ni hilohilo. Lakini barua rasmi ina anwani ya mwandishi na anwani ya mwandikiwa, hata zikilingana. Kinachozitenganisha ni mstari wa kwanza: wako unataja klabu, wake unataja cheo.

```
The Environment Club,
XYZ High School,
P.O. Box 100-20100,
NAKURU.

25th May, 2026

The Principal,
XYZ High School,
P.O. Box 100-20100,
NAKURU.
```

Jina la shule hapa nimeliacha XYZ. Swali likikupa jina, tumia hilo. Lisipokupa, buni lako au uandike XYZ, yote yanakubalika. Usiandike jina la shule unayosomea. Nambari baada ya kistari ni msimbo wa posta, na 20100 ni wa Nakuru. Ukiweka mji wa Mombasa andika 80100, Kisumu 40100, Nairobi 00100. Hakuna atakayekunyima alama kwa kukosea msimbo, ila barua yenye sanduku la Nakuru na msimbo wa Kisumu huonyesha mtu aliyekariri bila kuelewa.

Tarehe nayo ina mtego wake. Barua ni ya tarehe 25 Mei, ziara ni ya tarehe 13 Juni. Kila mwaka napata barua inayoomba ruhusa ya safari iliyokwisha wiki mbili zilizopita, kwa sababu mwandishi aliweka tarehe ya siku ya mtihani juu na tarehe yoyote iliyomjia katikati. Andika mwezi kwa herufi. 5/6/2026 inaweza kusomwa kwa namna mbili.

Anwani yangu ikae kulia au kushoto?

Zote mbili zinakubalika. Mtindo wa zamani huweka anwani ya mwandishi na tarehe kulia, kisha huanza kila aya kwa kuingia ndani kidogo. Mtindo wa sasa huweka kila kitu kushoto na kuruka mstari kati ya aya. Unachonyimwa alama ni kuchanganya, yaani anwani kulia, hitimisho kushoto, aya ya kwanza imeingia ndani na ya pili haikuingia. Mimi hufundisha wa kushoto kwa sababu moja ya kivivu: mtihanini hakuna cha kukumbuka, kila mstari unaanzia pambizoni.

Jambo hilohilo ni kweli kwa mkato mwishoni mwa mistari ya anwani. Weka mikato kote au usiweke popote.

Ni "RE:" au "REF:"?

Ni "RE:". Hiki ndicho kile tunachokiandika "KUH:" au "MINT:" katika barua ya Kiswahili, na wenzetu wa Tanzania "YAH:". "REF:" ni kitu kingine kabisa, ni kumbukumbu ya faili, ile namba ndefu yenye mikwaju ambayo ofisi huiweka karibu na tarehe. Mwanafunzi hana faili, kwa hiyo haimhusu.

Mstari huu unakaa baada ya mtajo, si kabla yake. Uandike kwa herufi kubwa, uupigie mstari mmoja chini, usiweke kitone mwishoni.

```
Dear Madam,

RE: REQUEST FOR PERMISSION TO VISIT LAKE NAKURU NATIONAL PARK
```

Mada iseme jambo lenyewe. "RE: TRIP" haitoshi, kwani mwalimu mkuu akiisoma hajui kama unaomba safari, unalalamikia safari au unaripoti safari iliyokwisha. Na isiwe sentensi kamili yenye nafsi ya kwanza. Ukijikuta umeandika neno "I" ndani ya mstari wa mada, futa uanze tena.

Nifunge kwa "Yours faithfully" au "Yours sincerely"?

Tazama mtajo wako. Ukiandika "Dear Sir" au "Dear Madam" bila jina, funga kwa "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina la ukoo kwa sababu swali limekupa jina hilo, funga kwa "Yours sincerely". Basi.

Ila chunga maandishi. Neno la kwanza tu ndilo lenye herufi kubwa. Hakuna kiapostrofi katika "Yours". Kuna "l" mbili katika "faithfully" na kuna "e" kabla ya "ly" katika "sincerely". Mkato hufuata. Na usitafsiri "Wako mtiifu". Hilo limebaki kwenye barua za Kiswahili na barua za Kiingereza za zama za babu zetu.

Swali lisipoonyesha jinsia, andika "Dear Sir/Madam". Usiandike "Dear Principal", na wala usiandike "Dear Teacher".

Je, nianze kwa salamu? Kwenye Kiswahili tunafundishwa adabu.

Hapana. Katika barua rasmi ya Kiingereza adabu inaonyeshwa kwa kutompotezea mtu muda. Hakuna "I hope you are fine", hakuna "Receive my warm greetings", hakuna kumuuliza hali ya familia.

Kuna pia milango ya kuingilia ambayo ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza. "Kwa heshima na taadhima" inakuja kama "With a lot of honour and respect". "Rejea mada tajwa hapo juu" inakuja kama "Refer to the heading above", na kwa wengine "The heading above is concerned", sentensi ambayo haina maana yoyote kwa mtu anayejua Kiingereza. Mwalimu mkuu ameshaona mada. Iko sentimita mbili juu ya macho yake.

Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na unataka nini.

```
I am writing on behalf of the twenty-eight members of the
Environment Club to request permission to visit Lake Nakuru
National Park on Saturday, 13th June, 2026.
```

Angalia kilichomo: cheo kimefichwa katika kuwakilisha, idadi ya watu ipo, ombi lipo, mahali papo, siku ipo. Mwalimu mkuu akikatizwa na simu baada ya mstari wa tatu, tayari anajua anachoombwa. Ukikuta aya yako ya kwanza inaweza kufutwa bila chochote kupotea, basi hukuwa umeanza bado.

Nitaombaje bila kuamrisha na bila kujidhalilisha?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo barua nyingi zenye muundo kamili huharibikia.

Kiswahili kinabeba adabu yake ndani ya kitenzi. Tukisema "naomba uturuhusu", ile "u-" ya mwanzo wa kitenzi imekwishafanya kazi. Sentensi ni laini, haina utumwa na haina ubabe. Ukiibeba hivyo kwenda Kiingereza unapata mojawapo ya mambo mawili. Ama inakuwa "I beg you to allow us", na hapo umekuwa mtu aliyepiga magoti akililia maisha yake. Ama inakuwa "I want you to allow us" au "You should allow us", na hapo umemwamrisha mkuu wa shule. Mwanafunzi hakukusudia lolote kati ya hayo. Alikusudia "naomba".

Adabu ya Kiingereza cha ofisini inakaa katika vitenzi visaidizi, hasa "would" na "could". Kipimo kizuri ni kuweka sentensi tatu kando kwa kando na kuzisikiliza:

```
You should give us the bus.
We humbly beg you to kindly please give us the bus.
We would be grateful if the school could allow us to use the bus.
```

Ya kwanza ni amri. Ya pili imelundika "humbly", "beg", "kindly" na "please" mahali pa neno moja, na haiongezi heshima hata chembe. Inaonekana kama dhihaka. Ya tatu ndiyo tunayoitaka. Inamwachia mwalimu mkuu nafasi ya kukataa bila kugombana na mtu, na pia inaomba kwa shule, si kwa mfuko wake.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si kurudia 'please' ni heshima?" Nikamwambia ahesabu ni mara ngapi mimi nasema "tafadhali" nikizungumza na mwalimu mkuu. Akafikiri. Akasema, "Mara moja." Barua nayo ni hivyo.

Toni pia huharibiwa na vitu vidogo. Ufupisho kama "I'm" na "don't" hauingii katika barua rasmi. Alama ya mshangao haiingii. Maneno ya mtaani hayaingii, hata yale ambayo darasani hatuyashtukii tena, kama kumwita mwalimu mkuu kwa jina la utani au kuandika "kids". Na vitisho haviingii: "If you refuse, the members will be very disappointed" ni kitisho kilichofunikwa shuka.

Sababu ziwe ngapi, na niziandike vipi?

Moja iliyokomaa inashinda tano mbichi. Karibu kila barua ninayopokea inasema ziara itasaidia wanachama kujifunza mambo mengi, kupumzisha akili na kuimarisha umoja. Maneno hayo yanafaa ziara yoyote, kuanzia kiwanda cha sukari hadi bustani ya wanyama. Mtahini ameyasoma mara mia asubuhi hiyo.

Jiulize kuna nini Ziwa Nakuru ambacho hakiko kwingine. Kwa miaka mingi sasa maji ya ziwa hilo yamepanda na kufunika ardhi iliyokuwa kavu, lango kuu la zamani la mbuga likiwamo. Heroe waliolifanya ziwa kuwa maarufu walipungua sana, wengi wakihamia Ziwa Bogoria. Klabu ya mazingira ina hamu ya kuona hilo, na sababu hiyo inatosha aya nzima.

```
In our Geography lessons we have learnt that the lake has risen
and covered land that used to be dry. We would like to see the
new shoreline for ourselves and record what has changed.
```

Hujui lolote kuhusu mahali palipotajwa? Buni kitu kinachowezekana, kifungamane na somo fulani au kazi fulani ya klabu. Hakuna anayekupima jiografia, ila maalumu hushinda jumla.

Kisha mipango. Mwalimu mkuu wa kweli akisoma ombi la safari anajiuliza maswali ya kawaida: nani atawasimamia, mtaondoka saa ngapi, mtarudi saa ngapi, nani analipa. Mjibu kabla hajauliza.

```
Our patron and one other teacher have agreed to accompany us.
We would leave at 7.00 a.m. and return by 4.00 p.m. Each member
will pay for entry and lunch. We would be grateful if the school
could allow us to use the bus.
```

Saa nazo zina mtego wa kwetu. Tunasema saa moja asubuhi, na wapo wanaoandika "1.00 a.m." kwa haraka. Basi la wanafunzi linaondoka usiku wa manane, na mtahini anacheka peke yake.

Aya ya mwisho ni fupi. Onyesha kwamba tarehe inaweza kusogezwa, kisha ufunge kwa "I look forward to hearing from you." Ukimaliza hapo una barua ya takriban ukurasa mmoja. Swali likitaja idadi ya maneno, ifuate hiyo. Lisipotaja, ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu unatosha.

Barua ikiwa ya kulalamika, je?

Muundo haubadiliki. Toni inahitaji mkono mwepesi zaidi. Lalamikia jambo, usimlalamikie mtu. Kama maktaba inafungwa mapema, sema inafungwa saa kumi alasiri, sema madarasa huisha saa hiyohiyo, na sema matokeo yake ni nini kwa kidato cha nne. Usiseme mkutubi ni mvivu. Kisha pendekeza jambo ambalo mwalimu mkuu anaweza kulitia sahihi wiki hiyo, kama vile kuongeza saa moja siku mbili kwa juma. Malalamiko yasiyo na pendekezo humwacha msomaji akiwa na mzigo na hana pa kuutua.

Nipitishie kwa mlezi wa klabu?

Swali likisema hivyo, ndiyo. Huandikwa "THRO'" chini ya anwani ya mwalimu mkuu, kisha cheo cha mlezi. Swali lisiposema, usijitafutie mstari wa ziada.

Sahihi inakaa wapi?

Kati ya hitimisho na jina. Hitimisho, kisha sahihi yako kwa kalamu, kisha jina kwa herufi kubwa, kisha cheo. Wengi husahau mojawapo ya mawili ya mwisho, hasa cheo, na hali swali zima lilikuwa limejengwa juu ya ukatibu.

```
Yours faithfully,

(signature)
NAME IN CAPITALS
SECRETARY, ENVIRONMENT CLUB
```

Usiandike neno "signature" lenyewe; hapo tia sahihi. Nasema hivi kwa sababu nimeliona.

Mimi ni wa Tanzania. Niandike "The Principal"?

Andika cheo kinachotumika kwenu na kilichotajwa na swali. Katika shule za sekondari za Tanzania ni "The Headmaster" au "The Headmistress", yule mnayemwita mkuu wa shule; mwalimu mkuu kwenu ni wa msingi. Uganda husema "The Head Teacher". Kwenu cheo chenyewe kinaweza kukuambia jinsia: ukiandika "The Headmistress" halafu "Dear Sir", umejipinga ndani ya mistari mitano. Mengine yote niliyosema juu yanabaki.

Katika dakika tano za mwisho nitafute nini?

Usitafute kila kitu. Tafuta makosa ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili huyafanya tukiwa tumelala. La kwanza ni "request for" kama kitenzi. Mstari wa mada ni sahihi kusema "Request for permission", kwa kuwa hapo ni nomino. Ndani ya barua, "I request for permission" ni kosa. Ni "I request permission". La pili ni "looking forward to hear", badala ya "hearing". La tatu ni "discuss about", maana sisi hujadiliana kuhusu jambo, nao hujadili jambo moja kwa moja.

La nne ni jinsia tena. Kama umeanza na "Dear Madam", pitia barua yote uone kama kuna "sir" iliyochomoza mwishoni. Hutokea sana kwa waliokariri barua ya mfano.

La tano ni nafsi. Umeanza kwa niaba ya klabu, kwa hiyo "we" inatawala. "I" inabaki kwa kitendo cha kuandika na kungoja jibu. Barua inayoruka kutoka "we" hadi "I" kila sentensi inafanya ionekane katibu anataka kwenda mbugani peke yake.

Nimebakiza dakika mbili na nimegundua nimesahau tarehe. Nifanyeje?

Iandike kwa unadhifu katika nafasi kati ya anwani mbili. Ndiyo maana huwa nasema uruke mstari mmoja kila upande wa tarehe. Kama ni mstari wa mada uliosahauliwa na hakuna nafasi, weka alama ndogo ya kuingiza chini ya mtajo na uandike mada pambizoni ikielekea pale. Kama ni anwani nzima ya mwalimu mkuu, hiyo ni mistari minne na haitabanwa. Iandike mwishoni mwa barua, uizungushie kisanduku, na uchore mshale hadi mahali pake. Haipendezi, lakini mtahini anaiona. Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi hawezi kukipa alama, hata akijua ulikijua.